Ukuaji Unalipiwa kwa Mahindi

Kuna imani imewakaa vichwani wathamini wa biashara, walimu wa fedha na hata maofisa mikopo, nayo inastahili kupingwa waziwazi. Wanaamini kwamba ukuaji wa kudumu wa kampuni ni namba ya kuokota kwenye taarifa ya uchumi wa nchi. Pato la Taifa la Tanzania lilikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023 na 5.5 mwaka 2024. Basi kampuni ndogo inapewa asilimia 6 kuanzia mwaka wa sita hadi mwisho wa dunia, sentensi moja inaandikwa ya kuitetea, na kila aliye mezani anaitikia kwa kichwa.

Wanaopinga kidogo hubishana kuhusu ukubwa wa namba: 6 ni nyingi mno, tuweke 4. Nao wamekosea vilevile, kwa sababu ubishi unafanyika mahali pasipo na tatizo. Tatizo ni kwamba ukuaji huo umeandikwa bila gharama yake.

Chukua kiwanda cha sembe mjini Dodoma. Ni mfano wa kutunga, lakini namba zake ni za kawaida kwa biashara ya aina hii. Ndugu wawili wamekirithi kwa baba yao. Dada anataka kutoka, kaka anataka kumlipa sehemu yake na kubaki na kiwanda. Mthamini anaitwa. Anakadiria fedha zitakazobaki mkononi kila mwaka baada ya gharama, kodi na uwekezaji: shilingi milioni 60 mwaka wa kwanza, kisha 65, 70, 75, na 80 mwaka wa tano. Kiwango chake cha punguzo ni asilimia 20. Hapo sina ugomvi naye. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 katika miaka ya karibuni zimelipa riba ya kati ya 12 na karibu 16, na mtu anayeweka fedha kwenye kiwanda kimoja cha sembe lazima adai zaidi ya anayeikopesha serikali. Kwa punguzo hilo, fedha za miaka mitano zina thamani ya leo ya milioni 204.

Sasa unakuja mwaka wa sita. Faida ya uendeshaji baada ya kodi ni milioni 120. Mthamini anaandika kwamba kuanzia hapo matumizi ya mashine na majengo yatalingana na uchakavu, na mtaji wa kuendeshea biashara hautaongezeka tena. Kwa hiyo milioni 120 zote zinabaki mkononi. Anazigawa kwa 0.20 kutoa 0.06, anapata milioni 857, anazirudisha hadi leo kama milioni 344, na kiwanda kizima kinasomeka milioni 548.

Tazama mshono wa jedwali hilo. Mwaka wa tano zilibaki milioni 80, mwaka wa sita zikabaki 120. Faida yenyewe haikuruka. Ilitoka milioni 113 hadi 120. Kilichotoweka ni uwekezaji wa milioni 33 ambao mwaka wa tano ulikuwa ukikatwa ili kiwanda kikue. Kuanzia mwaka wa sita kiwanda kinaendelea kukua kwa asilimia 6, ila hakinunui tena chochote cha kukikuza. Ukitaka kukagua uthamini wowote kwa dakika moja, funika kurasa zote na uangalie mwaka wa mwisho wa makadirio na mwaka unaofuata. Ukiona fedha zimeruka wakati faida imetembea, umefika kwenye kosa.

Kiwanda cha sembe kinakuaje? Mahindi hununuliwa kwa wingi wakati wa mavuno na kuwekwa ghalani, kwa sababu anayesubiri hadi Januari atanunua kwa bei ya kumuumiza. Tuseme kiwanda chetu kina mtaji wa milioni 600: milioni 350 zimelala kwenye magunia ghalani, na 250 ni mashine za kukoboa na kusaga, jengo na magari. Mauzo yakipanda kwa asilimia 6, ghala nalo linapanda kwa asilimia 6. Hizo ni milioni 21 za mahindi ambazo lazima zilipwe mwaka huo, kabla ya kilo moja ya nyongeza kuuzwa. Mashine na magari vinadai milioni 15 nyingine juu ya uchakavu. Jumla ni milioni 36, sawasawa na asilimia 30 ya faida.

Atakayesema kwamba nusu ya asilimia 6 ni bei tu na siyo tani, hajapata pa kujificha. Mahindi yakipanda bei, ghala lenye magunia yaleyale linahitaji fedha zaidi. Mashine ya kubadilisha iliyochakaa nayo itauzwa kwa bei ya wakati huo, huku uchakavu kwenye vitabu ukihesabiwa kwa bei ya zamani.

Kanuni inayoziba tundu hili ni ya siku nyingi. Miller na Modigliani walionyesha mwaka 1961 kwamba nafasi za kukua zinaongeza thamani pale tu mtaji mpya unapoleta faida kubwa kuliko gharama yake. Kwa thamani ya mwisho inaandikwa hivi:

```
TV = NOPAT × (1 − g / R) / (k − g)
```

NOPAT ni ile faida ya uendeshaji baada ya kodi, g ni ukuaji, k ni kiwango cha punguzo, na R ni faida ya kila mwaka inayoletwa na kila shilingi mpya ya mtaji. Kiwanda chetu kinapata milioni 120 kwa mtaji wa milioni 600, yaani asilimia 20. Tuseme mtaji mpya utafanya kazi sawa na wa zamani. Milioni 36 zinakatwa, zinabaki 84, ukigawa kwa 0.14 unapata milioni 600. Sasa shusha ukuaji hadi asilimia 3: zinakatwa 18, zinabaki 102, ukigawa kwa 0.17 unapata 600. Weka sifuri: 120 kwa 0.20, bado ni 600.

Yaani ule ubishi wote wa 6 au 4 au 3 haukuwa na uzito hata wa shilingi moja. Mtaji unapoleta faida inayolingana na gharama yake, kukua hakuongezi kitu. Thamani ya kiwanda ni milioni 445, na zile 103 za juu zimetokana na mahindi ambayo hakuna aliyeyalipia. Kaka aliyekwenda benki kukopa ili amlipe dada yake nusu ya 548 ameongeza deni la zaidi ya milioni 51 kwa ajili ya kosa la mstari mmoja. Kwangu hilo ni jambo zito. Familia huvunjikia hapo, kiwanda kikishindwa kulipa marejesho na kila upande ukidhani mwenzake alidanganya, kumbe namba ndiyo iliyowadanganya wote wawili.

Tukienda mbele, hali inaweza kuwa mbaya kuliko sifuri. Biashara ya sembe haina mlango mgumu. Mwenye umeme wa njia tatu, mashine na fedha za msimu anaingia, na soko la mahindi la Kibaigwa linamuuzia yeyote. Tuseme ushindani utashusha faida ya mtaji mpya hadi asilimia 15. Kukua kwa 6 sasa kunameza milioni 48, thamani ya mwisho inashuka hadi 514, na kiwanda kizima kinasomeka milioni 411. Kila nyongeza ya ukuaji inapunguza thamani. Mthamini aliyezoea kudhani kwamba ukuaji mkubwa ni matumaini na ukuaji mdogo ni tahadhari, hapo amesoma ramani kinyumenyume.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zuri kuliko lile la Pato la Taifa: mashine bado zina nafasi. Kiwanda kikifanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake, kinaweza kukua miaka kadhaa bila kununua mashine nyingine. Ni kweli. Lakini hesabu muda wake. Tani zikiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, 70 inafika 100 katika miaka 12. Hiyo ni miaka 12, wakati kanuni inazungumzia milele. Na hata katika miaka hiyo ghala linaendelea kudai fedha zake. Mahali pa kuonyesha faida ya nafasi hiyo ni kwenye makadirio ya mwaka kwa mwaka. Refusha jedwali kutoka miaka 5 hadi 12, onyesha mashine zikijaa, kisha ndipo uanze kuzungumzia ukuaji wa kudumu. Anayeona kazi hiyo ni nyingi asimtoze mnunuzi gharama ya uvivu wake.

Sasa turudi kwenye ule utetezi wenyewe. Asilimia 5.5 ya Pato la Taifa ni ukuaji halisi, mfumuko wa bei ukiwa umeondolewa. Kiwango cha punguzo cha 20 kina mfumuko ndani yake. Mtetezi anayechanganya hivyo viwili hajui hata anatetea nini, maana akisahihisha kwa kuongeza mfumuko wa karibu asilimia 3, hoja yake inampeleka kwenye karibu 9 na thamani ya mwisho ya milioni 1,091. Tena ukuaji wa nchi unajumlisha viwanda ambavyo havijajengwa bado, vikiwamo vitakavyomnyang'anya huyu wateja wake. Takwimu ya taifa inaweza kukuwekea dari. Haiwezi kukupa namba.

Kwa hiyo naomba walimu wanaosahihisha mazoezi ya uthamini waache kutoa alama kwa sentensi ile ya Pato la Taifa. Mwanafunzi aulizwe kwanza R yake ni ngapi na imetoka wapi. Majibu yanayokubalika yapo: faida ya mtaji ya miaka mitano iliyopita kutoka vitabuni, baada ya kumpangia mmiliki mshahara anaostahili, mkataba wa muda mrefu wa kuuza, eneo ambalo mshindani atapata shida kuliingia. Kwa kiwanda chetu, muuzaji mwenye ushahidi wa namna hiyo anaweza kutetea R ya asilimia 25. Tukimkubalia, kwa ukuaji uleule wa 6 thamani ya mwisho ni milioni 651 na kiwanda kizima ni 466.

Dada na kaka wana nafasi ya kujadiliana kati ya 411 na 466. Kuvuka hapo, dada alete vitabu vinavyoonyesha shilingi mpya ikizaa zaidi ya senti 25 kwa mwaka, na aeleze ni nini kitawazuia wengine wasiifuate faida hiyo.