Koo la mama lisimwachishe mtoto

Mwandishi aliyeshauri mama mwenye koo linalouma asitishe kunyonyesha “hadi maziwa yasafike” amekosea, na wanaoumia ni watoto. Koo likiuma, mara nyingi ni virusi, navyo husafiri kwa mate, kikohozi na mikono, si kwa maziwa. Mtoto aweza kuambukizwa, ndiyo, lakini ni kwa kuvuta pumzi ya mama, tena pengine kabla mama hajajijua mgonjwa. Kumwachisha sasa ni kumnyang’anya kingamwili ambazo mama anazitengeneza dhidi ya kirusi hichohicho. Mama anawe mikono kwa sabuni, avae barakoa, anyonyeshe.

Dawa? Parasetamo, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo kuliko dozi apewayo mtoto mwenyewe akiwa na homa. Daktari akikuta bakteria, amoksilini haizuii kunyonyesha, ingawa choo cha mtoto chaweza kulainika. Cha kuogopa ni dawa ya kikohozi yenye kodeini: mtoto husinzia mno, hushindwa kunyonya, hata kupumua. Soma kibandiko cha chupa. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifikisha joto la nyuzi 38, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.