Bei ya Mapema Isiwe Fumbo

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huwakutanisha wanamuziki wa Afrika kisiwani Unguja mwezi Februari, na Ngome Kongwe ndiyo uwanja wake mashuhuri. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mkasa huo watukumbusha kuwa gharama za ngoma huanza muda mrefu kabla ya ngoma yenyewe kulia.

Ndiyo maana waandaaji wa matamasha huuza tiketi kwa ngazi. Anunuaye miezi mitatu kabla huwa, kwa hakika, anawakopesha: fedha yake husaidia kulipia jukwaa, vipaza sauti na nauli za wasanii. Punguzo apatalo ndilo faida ya mkopo huo. Kwa hiyo anayo haki ya kuyajua masharti yake.

Na tutoe mfano wa kubuni. Tiketi ya siku tatu ni shilingi 60,000 hadi 30 Novemba, 75,000 hadi 15 Januari, na 90,000 mlangoni. Tiketi ya siku moja ni 40,000. Mwalimu wa Dar es Salaam awezaye kuvuka Jumamosi tu, akivutwa na neno "punguzo", atatoa 60,000 kwa burudani ya 40,000. Akihudhuria siku mbili, ameokoa 20,000. Basi aanze kwa kuhesabu siku zake, ndipo atazame bei. Tena aulize bei hiyo ina nini ndani yake: maonyesho ya jukwaani pekee, au na semina? Nauli ya boti na malazi mara nyingi havimo. Na akipatwa na dharura, je, fedha itarudishwa, au tiketi yaweza kuhamishiwa mtu mwingine?

Liko pia suala la tarehe. Mwisho ukiwekwa tarehe 15, mtumishi anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi huachwa nje, si kwa uzembe, bali kwa kalenda. Januari nayo ni mwezi wa ada na sare za watoto. Siku chache baada ya mishahara ya Novemba zingemfaa zaidi.

Hata saa yafaa itajwe. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Tangazo lisemalo "mwisho usiku wa Ijumaa" laweza basi kumkosesha mtu bei, na tiketi ya "usiku wa Jumamosi" ikamfikisha langoni siku siyo. Waandaaji na waandike: Ijumaa, tarehe fulani, saa 12 jioni.

Tangazo lisilotaja saa, vilivyomo na masharti ya kurudishiwa fedha halijakamilika. Mnunuzi na aulize kabla ya kulipa, wala asione haya.