Kiungulia: Saa ya Mlo Kwanza, Kidonge Baadaye

Pale umio unapoingia tumboni pana misuli ya mviringo inayofanya kazi ya mlango. Tonge likishuka hufunguka, kisha hufunga ili kilichoingia kisirudi. Misuli hiyo ikilegea wakati tumbo limejaa, tindikali hupanda. Tumbo lina ute mzito unaolikinga na tindikali yake lenyewe, lakini umio hauna kinga ya kiasi hicho, ndiyo maana moto husikika nyuma ya kidari. Tindikali ikifika kooni, mdomo huwa mchachu, na wakati mwingine chakula hurudi kidogo mtu anapocheua. Kiungulia cha mara moja baada ya karamu si ugonjwa. Kinachorudi mara mbili au zaidi kwa wiki, au kinachomwamsha mtu usiku, kinahitaji kutafutiwa chanzo.

Kisumu na vijiji vya ufuoni, lawama ya kwanza huangukia pilipili na ndimu. Wapo wanaosumbuliwa navyo kweli, na hao waviache. Lakini kwa wengi kinachoponza zaidi ni mambo matatu yanayokutana kwenye sahani moja: wingi wa chakula, mafuta na saa ya kula. Ngege au mbuta si tatizo. Tatizo ni samaki aliyezamishwa kwenye mafuta, akaliwa na ugali mkubwa, kisha mlaji akalala papo hapo. Mafuta hulichelewesha tumbo kumwaga chakula chake, na mlo mzito huweza kukaa humo saa tatu, nne au zaidi. Aliyesimama husaidiwa na uzito wa chakula chenyewe, kwa kuwa kinaelekea chini. Akilala chali, tumbo na umio huwa katika usawa mmoja, na tindikali hupita kwa urahisi. Bia, busaa, chang'aa na sigara huzidisha shida kwa kuilegeza misuli ile, na kitambi huisukuma kutoka chini.

Mfano ni mchuuzi wa soko la Kibuye. Alfajiri hunywa chai na mandazi. Mchana hupita na soda tu kwa sababu wateja ni wengi. Hufunga kibanda saa moja jioni, hufika nyumbani saa mbili, na chakula huwa tayari saa tatu na nusu usiku. Kwa kuwa ameshinda na njaa, hula chakula cha siku nzima kwa mkupuo, na saa nne yuko kitandani. Saa saba usiku huamka kifua kikimwaka na koo likiwa chachu, na asubuhi sauti huwa imekwaruza. Hutafuna vidonge vya kutuliza tindikali au hunywa maziwa, akapata nafuu kwa muda mfupi, halafu usiku unaofuata mambo ni yale yale.

Mtu kama huyo hahitaji kuachishwa samaki. Mlo mkuu na uhamie mchana, hata kama utaliwa kibandani: ugali, mboga, na samaki wa kuchemsha au aliyepitishwa kwenye mafuta kidogo. Usiku ale kiasi kidogo, amalize saa mbili na nusu, na asilale kabla ya saa tano na nusu. Saa hizo tatu kati ya mlo na kulala ndizo zenye faida kubwa kuliko orodha ndefu ya vyakula vya kukatazwa. Miguu ya kitanda ya upande wa kichwa iinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa mbao au matofali imara. Kurundika mito hakutoshi, kwa kuwa hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Kulala kwa ubavu wa kushoto pia husaidia, maana tumbo hubaki chini ya mahali umio unapoingilia. Mwenye uzito uliozidi hupata nafuu akipunguza hata kilo chache. Mabadiliko haya yapewe wiki mbili, huku saa ya kula na usiku wenye maumivu vikiandikwa, ili chanzo kionekane.

Dawa zina nafasi yake, ila kwa utaratibu. Omeprazoli ya miligramu 20 humezwa mara moja kwa siku, nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 8. Anayeimeza usiku baada ya kushiba hupata faida ndogo, kisha husema dawa haifai. Anayetumia dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi nchini Kenya, awe mwangalifu na dawa za kutuliza tindikali zenye magnesi au alumini. Hizo huzuia dolutegraviri kuingia mwilini, kwa hiyo dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Naye anayemeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kila mara amweleze daktari, kwa sababu dawa hizo huchubua tumbo na huweza kuleta vidonda.

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri wiki mbili. Ya kwanza ni chakula kukwama: leo ni ugali, baada ya wiki kadhaa ni uji, mwishowe hata maji. Nyingine ni maumivu wakati wa kumeza, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu na kutapika kusikokoma. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, yakiandamana na jasho na kukosa pumzi, huenda yakawa ya moyo, na mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kukwama kwa chakula kuna uzito wa pekee magharibi mwa Kenya, kwa kuwa eneo hili limo katika ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani nyingi ya umio. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wao, wakiwamo wasiofikisha miaka 30. Aina iliyoenea hapa kwa kawaida haitokani na kiungulia. Pombe na tumbaku huongeza hatari ya kuipata, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto unaopita nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Hatari ni kwamba mgonjwa anaweza kudhani ni kiungulia tu, akanunua vidonge miezi mitatu wakati njia inazidi kuziba. Kwa hiyo kila muuza dawa angepaswa kuuliza swali moja kabla ya kupokea pesa: chakula kinashuka vizuri? Jibu likiwa hapana, kinachofaa ni barua ya kumpeleka hospitali.

Asiye na dalili hizo, lakini amebadilisha mlo na kumaliza dawa bila nafuu, naye anahitaji uchunguzi. Kinyesi huweza kupimwa bakteria wa Helikobakta pailori, ambaye huleta vidonda vya tumbo, na omeprazoli iachwe wiki 2 kabla ya kipimo hicho, la sivyo jibu linaweza kutoka hasi ilhali bakteria yupo. Kipimo cha endoskopi hufanywa tumbo likiwa tupu: bomba jembamba lenye kamera hupitishwa mdomoni, daktari akaona mchubuko, kidonda au uvimbe, na akachukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Umio ukionekana mzima, matibabu huendelea kwa mlo na dawa. Ukiwa na mchubuko, omeprazoli hupangiwa muda upya. Ukiwa na uvimbe, majibu ya maabara ndiyo yanayoamua hatua inayofuata, na mgonjwa asiondoke bila kuambiwa siku ya kuyafuata.