Ukitangaza shamba, taja mita na aina ya hati

Leo naweka mbegu na mbolea pembeni kidogo, tuongelee matangazo ya mashamba. Natumiwa mengi kwenye simu na karibu yote yanafanana: "Shamba linauzwa, ekari 3, lipo kando ya mto, lina hati, njia ipo." Kwa maoni yangu, tangazo la hivyo bado halijamwambia mnunuzi kitu.

Majuzi kijana mmoja mlima nyanya aliniomba nimsindikize kuona shamba la namna hiyo. Tukapima kwa futikamba: mita 70 kando ya mto, urefu mita 173. Ekari 3 kweli, muuzaji hakudanganya. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Piga hesabu: 60 mara 70 ni mita za mraba 4,200, na ekari moja ni kama 4,047. Yaani ekari nzima hutakiwi kuigusa. Kijana angelipia 3 alime 2. Na hata maji yenyewe, ukitaka kuyavuta kwa pampu kumwagilia, unahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde.

Tukaomba kuona hati. Tukaletewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji. Jamani, hiyo inaonyesha tu kwamba watu waliuziana. Kwenye ardhi ya kijiji hati ni Cheti cha Hakimiliki ya Kimila, kinachotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tangazo liseme ni hati ipi na ina jina la nani. Kama hakuna, iandikwe hakuna, mnunuzi ajue kuna kazi ya kufuatilia halmashauri ya kijiji kabla hajatoa hela.

Njia nayo ilikuwepo, ila ilikatiza shamba la jirani, na jirani alishaanza kupanda mahindi humo. Nyanya zingetoka kwa kichwa mpaka barabarani.

Najua muuzaji atasema, "Afisa, nikiandika yote hayo nani atanunua?" Mimi namjibu: mteja atakuja, atayaona, ataondoka, na wewe utakuwa umepoteza siku. Yule kijana aliondoka.

Mimi ningeandika hivi: "Ekari 3, moja ipo ndani ya mita 60 za mto. Halina cheti cha kimila, kuna karatasi ya mauziano. Njia ni ya jirani, Fuso haiingii. Nguzo ya umeme ipo mita 400." Bei itashuka kidogo, sawa. Lakini atakayepiga simu atakuwa anajua anachokuja kununua.