Sema kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa

Huku kwetu Kilimanjaro ni vigumu kununua hata gunia la saruji bila kukuta ndugu upande wa pili wa kaunta. Mwenye duka ni mtoto wa baba mdogo, dereva ameoa kwenu, na desemba wote mnakaa chini ya mgomba mmoja mkinywa mbege. Hakuna dhambi hapo. Shida huanza pale unapokaa kwenye kamati inayotumia fedha zisizo zako.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Hospitali ya kanisa mlimani inataka jenereta. Mhasibu wake, mama mwaminifu, ameteuliwa kwenye kamati ya tathmini. Anasikia kwamba shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye kampuni pale Moshi mjini, ataomba zabuni. Tena mwaka jana shemeji huyo aliwakopesha shilingi milioni 3 za ada, na deni halijaisha. Afanye nini?

Wengi husema, "Nitanyamaza, ila nitatenda haki." Wengine husubiri waone kama shemeji atashinda. Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi. Tuseme kampuni tatu zimeomba, na ya shemeji ndiyo ya bei nafuu, milioni 68. Inashinda kihalali. Wiki mbili baadaye aliyeshindwa anagundua undugu ule na kuandika barua. Sasa tathmini inarudiwa upya, jenereta inachelewa, na shemeji aliyeshinda kwa haki anaonekana mwizi. Ukimya wa yule mama umemuumiza hata ndugu aliyedhani anamlinda.

Mama huyu aende mapema kwa afisa uzingatiaji, yule anayeangalia kama taasisi inafuata sheria na taratibu zake. Mapema maana yake ni kabla ya kuandikwa sifa za jenereta inayotakiwa. Watu hudhani upendeleo hufanyika kwenye kutoa alama, kumbe mara nyingi umeshafanyika kwenye sifa: unaandika aina ambayo muuzaji mmoja tu anayo, kisha unakaa kimya ukijua hesabu imekwisha.

Aende na maandishi mafupi yanayotaja ni nani, ana undugu gani naye, kampuni ipi, zabuni ipi, lini alijua, na lile deni la milioni 3. Kutaja undugu na kuficha deni ni kusema nusu. Pia haimpasi kuandika kwamba yeye atatenda haki, hilo halipimiki. Ni mgongano unaowezekana tu, na anayeamua uzito wake ni afisa, si yeye.

Kwa mama huyu jibu la busara ni moja: atoke kwenye kamati, mwingine aingie, na uamuzi uandikwe na kutiwa sahihi wenye tarehe. Kutoka maana yake asione hata bei za washindani. Nimeona watu wakitoa taarifa asubuhi na mchana wamekaa palepale mezani, kana kwamba kusema kumewatakasa.

Je, jirani? Mtu wa kigango kimoja? Ukoo wa Mushi au Massawe ukitajwa, nusu ya Moshi itageuka, na jina pekee si undugu wa kutolea taarifa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1298, inatupa kipimo kizuri ingawa inahusu kuuza na kupangisha: mali ya Kanisa, isipokuwa ya thamani ndogo, isiuzwe wala kupangishwa kwa msimamizi wake au ndugu zake hadi daraja la nne, wa damu au wa ndoa, bila ruhusa maalumu ya maandishi. Daraja la nne linafika kwa watoto wa ndugu wawili. Shemeji yumo ndani kabisa. Serikali nayo, katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, iliwataka wajumbe wa kamati ya tathmini kutia sahihi kwamba hawana mgongano wa maslahi.

Jambo hili si geni. Mtume Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya Yerusalemu hakuibeba peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe. Hakungoja kwanza ashukiwe.

Na kama afisa uzingatiaji mwenyewe ni binamu wa shemeji? Huku mlimani inatokea. Basi barua iende kwa mkurugenzi, na afisa aandike yake.