Mashine ikichuja waombaji kazi, kijana wa Gikomba apimwe kwa lipi?

MWAJIRI anayetangaza nafasi 10 na kupokea maombi 3,000 ana tatizo la kweli. Hakuna afisa awezaye kusoma wasifukazi wote huo kwa makini katika wiki moja. Ndipo mitambo ya akili unde inapopata soko: husoma kila faili, hutoa maneno yanayohusu elimu, vyeo na miaka ya kazi, kisha humpa kila mwombaji alama. Afisa husoma walio juu, labda 50. Waliosalia hawasomwi na binadamu yeyote.

Mfikirie kijana aliyefanya kazi miaka sita Gikomba, akipokea mzigo wa mitumba alfajiri, akipanga bei na kuwasimamia wasaidizi wawili. Hana hati ya mshahara wala barua ya mwajiri, kwa kuwa mwajiri wake hakuwa na ofisi. Katika saibakafe, ujuzi huo wote huandikwa kwa maneno mawili: biashara ndogo. Mtambo uliofunzwa kwa wasifukazi wa watu walioajiriwa zamani, wengi wao wakitoka kampuni zilizosajiliwa, huiona miaka hiyo sita kama pengo. Haumchukii kijana huyu. Haukuwahi kuonyeshwa mtu kama yeye akifaulu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa kampuni ya Amazon, kama shirika la habari la Reuters lilivyofichua mwaka wa 2018. Mtambo wake wa majaribio ulijifunza kutokana na wasifukazi wa miaka 10, mwingi wao ukiwa wa wanaume, ukaanza kupunguzia alama wasifukazi uliotaja vilabu vya wanawake. Wahandisi waliyaondoa maneno yaliyogunduliwa, lakini hawakuweza kuhakikisha kwamba mtambo hautapata njia nyingine ya ubaguzi. Mradi ukaachwa. Nchini Kenya njia hizo ni nyingi zaidi: jina la mwombaji likifichwa, shule aliyosomea huweza kutaja kaunti yake, na mtaa anaoishi hudokeza kipato chake.

Hata hivyo, anayeitetea mashine ana hoja nzito. Uchujaji wa binadamu tunaujua. Ni kujuana, ni hongo, ni bahasha iliyowekwa juu ya nyingine kwa sababu ya jina la ukoo. Afisa huyo hawezi kupimwa, kwani akiulizwa atatoa sababu nyingine ya heshima. Mtambo unaweza kupimwa. Chukua wasifukazi mmoja, uutume mara mbili huku umebadilisha mtaa pekee, kutoka Pumwani hadi Kilimani. Alama zikitofautiana, ushahidi umepatikana.

Kuna na kipimo cha hesabu, ambacho Marekani imekitumia tangu 1978. Tuseme, kwa mfano tu, waombaji 200 wanatoka mitaa ya Eastlands na 30 wanapita. Hao ni asilimia 15. Kutoka mitaa mingine wako 100 na 30 wanapita, yaani asilimia 30. Gawanya 15 kwa 30, upate nusu. Matokeo yakiwa chini ya nne kwa tano, mwajiri ana la kueleza. Si hukumu, maana huenda kuna sababu halali, na waombaji wakiwa wachache hesabu hupotosha. Lakini ni kengele, na kwa uchujaji wa bahasha kengele hiyo hulia kwa nadra, kwa kuwa hakuna aliyeweka hesabu.

Sheria ya Kenya haiko kimya. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mtambo pekee, ingawa kuna hali kadhaa ambazo hazimo katika kinga hiyo, mathubutu ikiwamo idhini yake mwenyewe. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa, mhusika ajulishwe kwa maandishi, naye anaweza kudai ufikiriwe upya.

Tatizo limo katika neno hilo "pekee". Mwajiri atasema afisa wake ndiye aliyeamua, kwa kuwa alitia saini orodha ya 50. Kama hakuwasoma wale 2,950 wengine, saini hiyo ni uamuzi gani?

Tena haki hii huanza kwa taarifa, na mwombaji aliyekataliwa kimya hajui kama alisomwa na mtu au mtambo. Jijini New York, tangu Julai 2023, mwajiri hutakiwa kumjulisha mwombaji siku 10 za kazi kabla ya kutumia mtambo wa aina hii, na kuchapisha muhtasari wa ukaguzi uliofanywa na mkaguzi huru. Kifungu cha 35 hudai taarifa baada ya uamuzi. Kwa kijana wa Gikomba tofauti hiyo si ndogo: akijua mapema, atarudi saibakafe na kuandika upya ile miaka sita kabla faili yake haijapewa alama.