Ukubwa Kamili Hausomwi kwa Macho

Mwandishi aliyedai kuwa neno "takriban" katika ripoti ya DNA ni uvivu, na kwamba kila mstari wa jeli utajwe kwa idadi kamili ya jozi besi, anadai jeli itoe isichokuwa nacho.

Chukua sampuli ya damu ya ng'ombe wa Ziba, iliyopimwa kwa PCR ya ITS1 kutafuta vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Kwenye ngazi ya vipimo, mstari wa 500 umesafiri milimita 38 kutoka kisimani, na wa 400 milimita 42. Wa sampuli uko milimita 38.7. Kwa kuwa umbali hufuata logi ya ukubwa, hesabu inatoa 481. Lakini mistari ina unene. Ukikosea nusu milimita tu, jibu linasogea kwa jozi besi 13 hivi. Kuandika "481" ni kujifanya umeona usichokiona.

Andika hivi: "mstari mmoja, angavu, kati ya 400 na 500, takriban 480, kidhibiti hasi hakina mstari." Hapo msomaji anatambua kundi la *Trypanosoma brucei*, maana *T. vivax* hutoa takriban 250 na *T. congolense* ya savana takriban 700.

Wala 481 isingetuambia kama ni kimelea cha malale ya binadamu, ambayo Urambo inayafahamu. Hilo huulizwa kwa kipimo kingine, cha jeni ya SRA.